Mistari Mitatu, Maswali Mawili

Ipo picha ambayo wengi waliosomea uuguzi au udaktari wamewahi kuiona. Vipande vitatu vya karatasi ya waridi yenye miraba vimepangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja kikiwa na mstari mweusi unaopanda na kushuka. Cha juu kimeandikwa kuwa ni mapigo ya kawaida. Cha kati ni fibrilesheni ya atria, yaani mtetemeko wa vyumba vya juu vya moyo. Cha chini ni shambulio la moyo. Picha za namna hii hubandikwa ukutani, huingia vitabuni, na siku hizi huzunguka kwenye simu zikiwa na maneno machache ya tahadhari.

Picha hiyo haina uongo, lakini mpangilio wake unaweza kumpoteza mtu. Vipande vitatu vikikaa pamoja, jicho linavichukua kama ngazi tatu za kitu kimoja: moyo mzima, moyo uliovurugika, moyo unaokufa. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba mtu mwenye shambulio la moyo atafanana na kipande cha chini, na kwamba aliyefanana na kipande cha juu amesalimika. Imani hiyo ya pili ni ya hatari. Vipande viwili vya juu vinajibu swali moja, na cha chini kinajibu swali jingine kabisa.

Tuanze na karatasi yenyewe, kwa sababu maswali yote mawili yamechapwa humo. Kwa kawaida karatasi ya elektrokadiogramu, au ECG kama tunavyoiita hospitalini, hutoka kwenye mashine kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde. Mraba mdogo una upana wa milimita 1, hivyo ni sekunde 0.04. Mraba mkubwa una midogo mitano kwa upana, yaani sekunde 0.2. Kwenda kulia ni kusoma muda. Kwenda juu ni kusoma nguvu ya umeme, na hapo milimita 10 ni sawa na milivolti 1. Mstari uleule unasema lini moyo ulipiga, na unasema pia umeme wake ulipanda au kushuka kiasi gani. Anayeuliza habari za mwendo wa moyo anasoma kwa ulalo. Anayeuliza kama misuli ya moyo inakosa damu anasoma kwa wima.

Katika kipande cha juu, pigo moja lina sehemu tatu. Kwanza kuna kilima kidogo cha duara, wimbi la P, ambacho ni umeme ukisambaa katika vyumba vya juu. Baada ya nafasi fupi kinachomoza kilele chembamba chenye herufi tatu, QRS, ambacho ni umeme ukipita katika vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini. Mwisho kuna kilima kipana zaidi, wimbi la T, wakati vyumba hivyo vinapojiandaa kwa pigo jingine. Herufi hizo zilitumiwa na Willem Einthoven, Mholanzi wa Leiden, tangu mwaka 1895, na hadi leo hakuna aliyezibadilisha.

Ukitaka kujua moyo unapiga mara ngapi, pima kutoka kilele hadi kilele. Tuseme umbali ni miraba midogo 17. Dakika moja ina miraba midogo 1,500 ya karatasi hiyo, nawe ukigawanya 1,500 kwa 17 unapata mapigo 88. Kisha tazama mambo mawili: je, vilele vyote vina umbali uleule, na je, kila kilele kimetanguliwa na wimbi la P? Vikikubali yote mawili, na mapigo yakiwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, huo ndio mwendo wa kawaida. Umeme umeanzia mahali pake na umepita njia yake.

Sasa shuka kwenye kipande cha pili. Chukua rula upime tena. Umbali wa kwanza ni milimita 12, wa pili 19, kisha 9, kisha 15, kisha 22, kisha 11. Hakuna mpango unaojirudia. Mapigo yasiyo sawa yako ya namna nyingi, na mengine yana utaratibu wake, kwa mfano pigo moja la mapema kila baada ya matatu ya kawaida. Haya hayana utaratibu wowote. Mbele ya vilele hakuna wimbi la P. Mahali pake kuna mstari unaotetemeka, kwa sababu vyumba vya juu vimeacha kujikaza kwa pamoja na kila sehemu inasisimka kivyake, mara 350 hadi 600 kwa dakika. Kinachouokoa moyo ni kifundo cha umeme kilicho kati ya vyumba vya juu na vya chini, ambacho hakiwezi kupitisha mishtuko yote hiyo. Hupitisha baadhi tu, bila mpangilio, na ndiyo maana vilele vinakuja vinavyotaka.

Hapa kanuni ya kugawanya kwa umbali mmoja haifai tena, kwani kila umbali utakupa jibu lake. Hesabu vilele vyote katika mstari mrefu wa chini ya karatasi, ambao mara nyingi ni wa sekunde 10, kisha zidisha kwa 6. Ukikuta vilele 17, moyo unapiga takriban 102 kwa dakika. Lakini ukishika mkono wa mgonjwa huyohuyo unaweza kuhesabu 85 tu. Mapigo yanayokuja haraka mno huukuta moyo haujajaa damu, hivyo msukumo wake haufiki kwenye kifundo cha mkono. Muuguzi anayesikiliza kifua huku mwenzake akishika mkono anaweza kuibaini tofauti hiyo kabla mashine haijawashwa.

Kuna wakati mstari unatetemeka na moyo hauna neno. Mgonjwa wa malaria akishikwa na baridi kali, au mzee mwenye ugonjwa wa kutetemeka mikono, misuli yake huingiza umeme wake kwenye karatasi na kuyafunika mawimbi ya P. Mashine nyingi zinazojiandikia majibu hudanganyika hapo. Rula haidanganyiki kirahisi hivyo: vilele vikiwa na umbali uleule licha ya mtetemo, shaka iende kwanza kwa mwili unaotetemeka. Mfunike mgonjwa blanketi, mlegeze mikono, upime tena.

Hatari kubwa ya kipande cha pili iko mbali na kifua. Chumba cha juu cha kushoto kisichojikaza huacha damu izubae, hasa kwenye kifuko chake kidogo cha pembeni. Damu iliyozubaa huganda. Bonge likichomoka linaweza kupanda hadi kwenye ubongo, na mtu akaamka asubuhi mkono mmoja hauinuki na maneno hayatoki. Kwetu Afrika Mashariki ipo sababu nyingine ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Homa ya baridi yabisi ya utotoni, itokanayo na maambukizi ya koo, huacha mlango wa moyo ukiwa umekaza, na mwenye mlango huo anaweza kupata fibrilesheni akiwa bado kijana, pengine akiwa mjamzito. Dawa za kuzuia damu kuganda si sawa kwa kila mtu. Utafiti wa INVICTUS, uliotolewa mwaka 2022, uliwafuatilia wenye fibrilesheni waliokuwa na moyo ulioharibiwa na homa hiyo. Waliopewa dawa za kundi la warfarini, dawa ya zamani inayohitaji kupimwa damu mara kwa mara, walipata vifo vichache kuliko waliopewa rivaroksabani, dawa mpya isiyo na usumbufu huo.

Kwa hiyo kipande cha kwanza na cha pili ni ndugu. Vyote vinaulizwa habari za muda, na kwa swali hilo mstari mmoja unatosha, mradi moyo uwe unavurugika wakati mashine inachapa. Fibrilesheni ya watu wengine huja na kuondoka. Mtu anaweza kuwa nayo usiku wa Jumanne akapimwa Alhamisi na kuonekana mzima. Sekunde 10 za Alhamisi hazina la kusema juu ya Jumanne, na ndiyo sababu wengine huvalishwa kifaa kinachorekodi mchana na usiku.

Kipande cha tatu kina habari nyingine. Ukipima vilele vyake kwa rula utashangaa: mara nyingi vina umbali sawa, na kila kimoja kimetanguliwa na wimbi la P. Kwa swali la mwendo, moyo huu ni wa kawaida kama ule wa juu. Tofauti iko baada ya kilele. Mstari ambao ungerudi chini usawa wa msingi kabla ya kupanda wimbi la T haurudi. Unabaki juu, milimita mbili, tatu, wakati mwingine zaidi, na kuungana na T kama mgongo uliojikunja. Sehemu hiyo huitwa ST. Ikiinuka namna hiyo kwa mtu mwenye maumivu, huashiria kwamba mshipa mmoja unaoulisha moyo umeziba na msuli unaotegemea mshipa huo umeanza kuumia.

Historia yenyewe inaonyesha kwamba swali hili ni gumu kuliko lile la kwanza. Mashine ya Einthoven ilianza kutoa michoro mizuri mwanzoni mwa karne iliyopita, mgonjwa akiwa ametumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Kwa michoro mitatu ya viungo hivyo, Einthoven alichapisha mapema mifano ya mioyo iliyovurugika mwendo, na mwaka 1909 uhusiano kati ya mapigo yasiyo na mpango na mtetemeko wa vyumba vya juu ulikuwa umeelezwa. Alama ya mshipa ulioziba ilichelewa. Harold Pardee wa New York aliieleza mwaka 1920, na hata hapo madaktari walikuwa wanautazama moyo kwa mbali, kupitia mikono na mguu. Elektrodi sita za kifuani zilipangiwa mahali pake mwaka 1938, na Emanuel Goldberger akakamilisha pembe za viungo mwaka 1942. Hapo ndipo ilipopatikana ECG ya pembe 12 tunayoitumia leo.

Pembe hizo zina kazi gani? Nyumba ikishika moto jikoni, aliyesimama barazani anaweza asione moshi wowote, na atakuambia kwa moyo mweupe kwamba nyumba iko salama. Inabidi mtu azunguke. Pembe II, III na aVF zinautazama moyo kutoka chini. V1 hadi V4 zinautazama kwa mbele, I, aVL, V5 na V6 kwa ubavuni. Mshipa ukiziba, mstari huinuka kwenye pembe zinazotazama msuli ulioumia, na mara nyingine hushuka kwenye pembe za upande wa pili. Ndiyo maana daktari hatosheki na pembe moja iliyoinuka. Anatafuta angalau mbili zinazopakana.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 58, mwenye kisukari na shinikizo la damu, analetwa na mwanawe saa nne usiku. Tangu saa mbili anasikia kitu kizito juu ya chembe ya moyo, jasho jembamba, na kichefuchefu. Nyumbani wamemwambia ni vidonda vya tumbo na amekunywa maziwa. Anaunganishwa kwenye skrini ya kitandani, ambayo kama kawaida inaonyesha pembe ya II. Mapigo 88, umbali sawa, P mbele ya kila kilele. Ukiikata sehemu hiyo na kuiweka kwenye picha yetu, itakaa bila shaka kwenye nafasi ya juu, ile ya kawaida.

“Daktari, si naona moyo uko sawa?” anauliza kijana. “Basi tumpe dawa ya tumbo, apumzike nyumbani.”

“Subiri kwanza, mwanangu. Hiyo inatuambia unavyokwenda tu. Bado hatujajua kama unapata damu.”

Inachapwa ECG ya pembe 12. Mstari wa ST haujainuka popote kwa kiasi cha kutosha. Lakini katika V2, V3 na V4 wimbi la T limekuwa refu na pana kupita kiasi, karibu kukizidi kilele kilicholitangulia. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba kipimo ni cha kawaida na kumaliza. Daktari huyu anaona mambo matatu kwa pamoja: maumivu hayajaisha, mgonjwa ana kisukari, na T hizo hazimpendezi. Anampa aspirini ya miligramu 300 aitafune, na kuagiza elektrodi zisibanduliwe kifuani, ili kipimo kijacho kisitofautiane na hiki kwa sababu ya kubandikwa pengine.

Baada ya dakika 15 inachapwa ya pili. V2 imeinuka milimita 3, V3 milimita 4, V4 milimita 2. Kwa mwanamke, milimita 1.5 katika V2 na V3 zingetosha kuitwa alama ya mshipa ulioziba. Pembe ya II imebaki kama ilivyokuwa, tambarare na ya kupendeza. Mshipa wa mbele umeziba katikati ya safari yake, na pembe inayotazama kutoka chini haikuwa na cha kuona. Sasa linaloamuliwa ni njia ya kuuzibua. Pakiwepo hospitali inayopitisha katheta na kuufungua mshipa, kama Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, na ikiwa kazi hiyo inaweza kuanza ndani ya saa mbili hivi, anapelekwa huko moja kwa moja. Ikiwa safari ni ndefu kuliko hapo, na hana kizuizi kama kutokwa damu au kiharusi cha karibuni, anapewa dawa ya kuyeyusha bonge palepale. Dawa hiyo hutolewa ndani ya saa 12 tangu maumivu yaanze, na kila saa inayopita hupunguza msuli unaoweza kuokolewa.

Yapo mashambulio ambayo hata pembe zote 12 haziyaonyeshi. Mshipa uliobana bila kuziba kabisa unaweza kuuacha mstari ukiwa umeshuka kidogo, au ukiwa kama wa mtu mzima. Msuli wa nyuma ya moyo nao hauna pembe inayoutazama moja kwa moja, mpaka elektrodi zibandikwe mgongoni. Hapo ndipo damu inapochukuliwa kutafuta troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo ulioumia. Nayo huchukua saa kadhaa kupanda, hivyo hupimwa zaidi ya mara moja.

Kosa hutokea upande wa pili pia. Kijana mwenye afya, mara nyingi mwanamume, hasa mwanamichezo, anaweza kuwa na ST iliyoinuka milimita moja au mbili kifuani kwa maumbile yake tu. Kinachomtofautisha ni kwamba mstari wake haubadiliki ukipimwa tena baada ya robo saa, hakuna pembe ya upande wa pili iliyoshuka, na ECG yake ya miaka iliyopita, kama ipo, inafanana na ya leo. Mshipa uliotoka kuziba kwa kawaida hautulii hivyo. Mstari wake hubadilika kadiri dakika zinavyopita.

Basi turudi kwa wanaotumiana picha. Siku hizi ECG nyingi hufika kwa daktari bingwa kama picha ya simu, na huduma hiyo imewasaidia wengi walio mbali na miji. Lakini picha hukatwa. Pembeni ya karatasi kuna kijimstari chenye umbo la mlango, ambacho kwa mashine iliyopangwa kawaida huwa na kimo cha milimita 10. Kikionekana kina milimita 5, mashine imepunguza kimo cha kila kitu kwa nusu, na mwinuko wa milimita 2 utaonekana kama 1. Karatasi ikiwa imepita kwa mwendo wa milimita 50 kwa sekunde, mapigo 100 yatasomeka kama 50. Picha iliyopigwa kimshazari hupotosha kimo na upana vyote viwili. Anayetuma atume karatasi nzima, ikiwa bapa, yenye jina, saa, mwendo na kijimstari hicho. Kama ni picha ya skrini ya kitandani, ajue kwamba skrini nyingi huchuja umeme ili mstari upendeze, na uchujaji huo unaweza kuipotosha ST.

Kwa msomaji asiye mtaalamu, yaliyo muhimu ni machache. Ukiambiwa ECG ni nzuri, uliza ilikuwa ya pembe 12 au ya skrini tu, na ilichapwa maumivu yakiwepo au yalipokwisha. Karatasi nyingi za mashine hizi hufifia kwa joto, hivyo ipige picha ukiwa bado nayo na uitunze, kwa kuwa siku utakayoumwa daktari atatafuta kitu cha kulinganisha. Ukihisi mapigo yanakwenda ovyo, pimwa wakati yanakwenda ovyo. Na kama kifua au chembe ya moyo inakubana kwa zaidi ya dakika 20 pamoja na jasho, usikubali kurudishwa nyumbani kwa mstari mmoja uliotoka sawa. Omba kipimo kirudiwe, na omba troponini.